Naomba ushauri: kuwarudisha wanafunzi kwenye kazi baada ya kujinyoosha

Walimu wenzangu, naomba ushauri. Nafundisha hisabati darasa la tatu, na nina watoto wachache ambao hawawezi kabisa kukaa kipindi kizima. Somo la kuzidisha la dakika 40 nimeligawa vipande: naeleza mfano mmoja kwa dakika tano hivi, wanafanya maswali matatu tu, kisha wanasimama. Swali likiwa 4 × 3, wanaruka mara tatu, wanatua, wanarudia hadi mafungu manne, huku wakihesabu kwa sauti mpaka 12. Hapo kuruka kwenyewe ndiko somo, na wanarudi kwenye madaftari bila taabu.

Shida ni yale mapumziko ya kujinyoosha tu. Wengi hutulia, lakini hawa wachache ndio kwanza wanachangamka. Nimejaribu kumalizia kwa kusukuma ukuta polepole kwa viganja. Inasaidia kiasi, ila si kwa wote.

Je, mara wakikaa mnawapa kazi ya kwanza ya namna gani? Na anayehitaji kuandika akiwa amesimama, mnamweka wapi asiwazibie wenzake ubao?