TSH 3.4 kwa mjamzito: maabara haina neno, je, wewe? Tupeane uzoefu

Mkunga_wa_Kusini: Wakuu, mama wa wiki 7, tezi yake ya shingo imelegea, anameza levothairoksini, homoni ya tezi ya vidonge, mikrogramu 100 kila siku tangu kabla ya mimba. TSH, homoni inayoiamrisha tezi na hupanda tezi ikilegea, ni 3.4. Karatasi imeandikwa 0.4 hadi 4.5, akaambiwa aendelee vilevile. Viwango hivyo ni vya wasio na mimba! Aliye kwenye dawa tunamtaka chini ya 2.5. Angeongezewa vidonge viwili kwa wiki, 9 badala ya 7, mara mimba ilipothibitika. Mtoto hajitoshelezi kwa homoni ya tezi mpaka kama wiki ya 16 hadi 20; kabla ya hapo anategemea ya mama, na ubongo unajengwa.

Tausi: Umesema kweli tupu.

Fundi_Maabara: Kwani 2.5 si kikomo cha kila mjamzito?

Mkunga_wa_Kusini: Hiyo ni ya 2011, kaka. Mwongozo wa Marekani wa 2017 unasema kama maabara haina viwango vya wajawazito wa hapo, punguza 0.5 kwenye kikomo cha juu miezi mitatu ya kwanza. Inakuja kama 4.0. Asiyetumia dawa mwenye 3.4 si mgonjwa.

Fundi_Maabara: Na akiwa na kingamwili za TPO, zile zinazoishambulia tezi?

Mkunga_wa_Kusini: Hapo wengine huanzisha dawa, wengine husubiri na kupima kila wiki 4.

Dkt_Mstaafu: Mnabishania desimali, hatari iko huku. Mama wa wiki 9, anatapika hata maji, TSH 0.01, kaanzishiwa kabimazoli, dawa ya kutuliza tezi inayozidisha kazi. Homoni ya mimba yenyewe huisukuma tezi, ndiyo maana TSH huporomoka wiki hizo. Hana rovu, macho hayajatokeza, kingamwili za kipokezi cha TSH hana: alihitaji dripu na dawa ya kutapika. Kabimazoli wiki hizo huweza kumwachia mtoto kovu lisiloota nywele kichwani, au pua iliyoziba nyuma. Ingekuwa Gravesi kweli, ugonjwa wa kingamwili kuichochea tezi kupita kiasi, ungeanza na dawa mwenzake, PTU.

Mama_Kijacho: Kwa hiyo dawa za tezi ziachwe hadi kujifungua?

Dkt_Mstaafu: La, mwanangu! Gravesi ikiachwa, moyo wa mama huweza kushindwa. Tezi iliyolegea ikiachwa huleta mimba kuharibika, kifafa cha mimba, mtoto njiti.

Bi_Shamba: Mie nina rovu, nale chumvi ya madini joto tu?

Tausi: Bibi, kapime kwanza, chumvi haitibu kila rovu.

Mfamasia_wa_Zamu: Yule wa wiki 7, alipoongezewa ilikuwaje?

Mkunga_wa_Kusini: Wiki ya 12 TSH ikapanda 5.1! Kumbe anameza pamoja na vidonge vya damu vya kliniki; madini ya chuma huishika dawa tumboni. Tukazitenganisha kwa muda wa saa nne: levothairoksini alfajiri kwa maji matupu, chai baada ya nusu saa, vidonge vya damu mchana. Wiki ya 16 ikasoma 1.9.

Mfamasia_wa_Zamu: Akijifungua mrudisheni kwenye 100, apimwe wiki ya 6.