Naomba ushauri: chati mtiririko inazunguka bila kikomo
Habari wadau. Niko Nairobi, nakagua chati mtiririko ya malipo ya nauli aliyochora mwenzangu kazini. Kisanduku cha "Salio halitoshi" hakina mshale wa kutoka, na almasi ya "Mtandao upo?" ina Ndiyo pekee. Hayo huonekana kwa kuhesabu mishale tu.

Kinachoniumiza kichwa ni PIN. Nikifuatilia PIN mbovu kwa kalamu, `jaribio` inapanda hadi 1, kisha mshale wa Hapana unarudi juu ya kisanduku cha `jaribio = 0`. Sharti la `jaribio = 3` halifikiwi kamwe! Mshale ukishuka chini ya kisanduku hicho, mzunguko unakoma.

Sasa, chati ni ya kurasa kadhaa. Mizunguko kama hii mnainasaje bila kupitia kila njia?