Barabara iliyolowa, taa za neoni na chupa ya pombe: tangazo la namna hii liruhusiwe?

Mwanzisha mada:
Wadau, kila tangazo la pombe au klabu ya usiku siku hizi ni lile lile: mtaa umelowa mvua, taa za neoni zimemwagika kwenye lami, chupa imesimama mbele inang'aa. Kwa mtazamo wangu, barabara ya usiku yenye utelezi na pombe havitakiwi kukaa kwenye picha moja. Wanaosimamia matangazo wapige marufuku, au nimezidisha?

Mwenye klabu:
Umezidisha, ndugu yangu. Klabu inafunguliwa usiku, unataka nitangaze kwa picha ya saa sita mchana? Ila nikiri jambo moja limenikuta. Bango langu lilirudishwa na waliokuwa wanipangishe ukuta wa kulibandika. Nikadhani wamekasirikia glasi mkononi mwa yule dada, kumbe walikuwa wanalalamikia gari lililoonekana nyuma kabisa, dogo mpaka mimi mwenyewe sikuwa nimeliona. Mpaka leo sielewi gari lile lilikuwa na kosa gani.

Mpiga picha wa matangazo:
Mkuu, gari lile ndilo kiini cha mjadala wote huu, kuliko mvua. Hizi ndizo kazi zangu, kwa hiyo niruhusuni nieleze kidogo.

Lami kavu ina vinundu vinavyotawanya mwanga kila upande, ndiyo maana usiku inaonekana kijivu tu. Ikilowa, maji yanajaza vile vijishimo na uso unakaribia kuwa kioo. Lakini kioo hicho kinategemea umesimama wapi. Ukitazama maji kwa kuinama juu yake, yanarudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga. Ukishusha kamera mpaka usawa wa kifundo cha mguu na kutazama mbali, mwanga unaokuja kwa kulalia unarudi zaidi ya nusu. Kwa hiyo wapiga picha wote tunalala chini. Na mara nyingi mvua yenyewe haipo: tunamwaga maji kwa mpira au gari la maji, yakianza kukauka tunamwaga tena kabla ya kila pigo.

Tatizo linaanza hapo. Ukilala chini katikati ya barabara, mistari ya lami inakimbilia mbele na mtazamaji anajikuta ameketi mahali pa dereva. Ukilala kwenye njia ya waenda kwa miguu, au kwenye uchochoro usiopita magari, neoni ni zile zile na maji ni yale yale, ila mtazamaji sasa ni mtu anayetembea. Mimi ningekataza picha ya kwanza na kuiacha ya pili.

Mchora mabango:
Naunga mkono, ila niongeze kwamba maji yanaongeza mwanga wa neoni, ndiyo maana picha inawaka. Na mkitaka kuondoa taa za magari kwenye lami, fungeni polaraiza, kile kioo cha kukata mng'ao, kwenye lenzi, zitafutika.

Mpiga picha wa matangazo:
Hapana, kaka, taa ni ile ile. Lami iliyolowa inakuwa nyeusi zaidi kwa sababu haitawanyi tena mwanga kuelekea kwako, hivyo michirizi ya rangi inajitokeza juu ya weusi. Polaraiza ni kweli inafuta mng'ao wa maji kwenye pembe fulani, lakini haijui lipi ni gari na lipi ni neoni. Utaondoa taa za breki na utaondoa pia kile ambacho mteja amelipia. Na kwa kamera iliyolalia chini kabisa, wala haifuti vizuri. Gari linaondolewa kwa kufunga mtaa, si kwa kioo.

Mgeni:
Samahani, mimi kamera yangu iliingia maji nikipiga mvua ya kweli. Nifanyeje?

Mpiga picha wa matangazo:
Toa betri, usiiwashe kabisa, mpelekee fundi. Turudi kwenye mada.

Mwalimu wa udereva:
Nimewasoma wote na sijaridhika. Mwongozo wa barabara wa Uingereza unasema umbali wa kusimamisha gari kwenye mvua ni angalau mara mbili ya ule wa lami kavu. Hapo ni dereva mzima, hajagusa kitu. Mtu anayepita mbele ya bango hakokotoi kamera ilikuwa barabarani au pembeni. Anachokiona ni usiku, barabara inayoteleza, kinywaji na raha. Mpiga picha anatetea kazi yake, namuelewa, lakini tofauti yake ni ya fundi, si ya mtazamaji.

Mpiga picha wa matangazo:
Mwalimu, jaribu hili kwa bango lolote. Funika nusu ya juu ya picha kwa karatasi, utazame lami peke yake. Mchirizi wa neoni unasimama peke yake, rangi yake ni ya ajabu, waridi au buluu, na mwanzo wake uko mbali na taa yenyewe, kwa sababu taa iliyo mita 4 juu ya ardhi, taswira yake huonekana mita 4 chini ya uso wa lami. Taa za gari ziko chini, ni mbili za rangi moja, na mchirizi wake unakaribia kugusa taa. Macho yanaitambua jozi hiyo papo hapo hata gari lenyewe likiwa limefifia gizani. Bila shaka ndiyo iliyoonwa na wale waliorudisha bango la mwenye klabu.

Ndiyo maana hata taa nyekundu tunazoweka wenyewe nyuma kuujaza weusi huwa naziinua. Nikiziacha mbili chini, nimetengeneza gari bila gari.

Mwenye klabu:
Sasa nimeelewa. Basi nikate gari, bango lipite?

Mwanasheria:
Si lazima. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya, 2010/13/EU, kifungu cha 22, yanakataza tangazo la televisheni kuhusisha unywaji na uendeshaji. Hapo kukata gari kunasaidia. Lakini kifungu hicho hicho kinakataza pia kuonyesha kwamba kunywa kunachangia mtu kufanikiwa kijamii au kimapenzi. Yule dada mwenye glasi, akiwa peke yake mvuani, halafu kwenye picha ya pili amezungukwa na watu chini ya neoni, anaweza kukuponza kuliko gari. Na nimesema televisheni. Bango la ukutani lina kanuni zake kila nchi.

Mwalimu wa udereva:
Kwa hiyo mpiga picha amehangaika na taa, kumbe shida nyingine imekaa mbele ya kamera!

Mpiga picha wa matangazo:
Inawezekana. Ila mwalimu, ukipiga marufuku lami iliyolowa utakataza pia tangazo la klabu linalomwonyesha mtu akishuka kwenye basi la usiku, na hilo mimi naliona afadhali kuliko mengi.

Mwanzisha mada:
Hilo la basi sikulifikiria. Lakini chupa kubwa mbele na barabara nyuma, hata bila gari, bado linanikera. Mimi ningetaka chupa ihamie ndani, mezani, na neoni za mtaani zionekane kupitia dirishani.

Mchora mabango:
Ukifanya hivyo unapoteza mng'ao wote wa lami, mteja atakuuliza maji ya nini.

Mwanzisha mada:
Ndilo ninalolitaka, aulize.