Naomba ushauri: milioni 12 niziweke zote mara moja au kidogo kidogo?

Wakuu, habari. Nimelipwa kiinua mgongo, na milioni 12 nataka kununua vipande vya mfuko wa hisa. Sitazihitaji kwa miaka kumi.

Nimepiga hesabu ya mfano. Kipande kikiwa 1,000, nikinunua zote leo napata vipande 12,000. Nikigawa milioni 3 mara nne, na bei iwe 1,000, 800, 750 kisha 1,000, napata 13,750. Lakini bei ikipanda 1,000, 1,100, 1,200 hadi 1,250, naambulia kama 10,627 tu. Kwa kuwa soko kwa miaka mingi hupanda zaidi ya kushuka, kununua mara moja ndiko hushinda mara nyingi.

Kinachonitisha ni soko kuanguka mara tu baada ya kununua, nikauza kwa hofu. Kugawa kunapunguza hatari hiyo, ila fedha inayosubiri inakosa faida, labda niihifadhi kwenye mfuko wa ukwasi.

Nafikiria nusu leo, nusu kwa miezi sita, tarehe maalumu. Waliopitia, je, mliweza kuendelea kununua bei iliposhuka?