[Watanzania Uingereza] Manchester–Doha–Dar na mtoto wa miezi 7, niko peke yangu

Kutoka: Mama Naila, Salford

Assalamu alaykum na habari zenu. Mwezi ujao nakwenda Dar na binti yangu, miezi 7, kilo 8 na nusu. Mume anabaki kazini. Nimemkatia tiketi ya mtoto wa kupakatwa. Anakunywa maziwa ya kopo, na asubuhi na usiku ananyonya. Nina maswali manne: kile kitanda cha ukutani nakipataje, kigari nikiache wapi, maziwa yatapita ukaguzi, na karatasi gani nibebe? Mtoto ana pasipoti ya Uingereza, mimi ya Tanzania, na majina yetu ya mwisho hayafanani.

Kutoka: Baba Twaha, Leicester

Dada, maziwa usijisumbue kubeba. Zaidi ya mililita 100 yanamwagwa. Mimi yalimwagwa mbele ya macho yangu, maji ya mtoto chupa mbili na maziwa tayari chupa moja. Beba unga tu, maji ya moto utaomba ndani ya ndege.

Kutoka: Rukia, Luton (nilikaa kaunta ya tiketi miaka 6)

Baba Twaha, samahani kaka, hapo mtoto alikuwa mikononi mwako?

Kutoka: Baba Twaha

Hapana, alikuwa na mama yake kwenye foleni nyingine, walishatangulia. Mimi nilikuwa na mabegi.

Kutoka: Rukia

Basi ndiyo sababu. Uingereza maziwa ya kopo na maji yaliyochemshwa ya mtoto yanapita hata yakizidi mililita 100, ila mtoto awe pamoja nawe. Chombo kimoja kisizidi lita 2. Maziwa ya mama uliyokamua yanapita hata kama mtoto hayupo, lakini yasiwe yamegandishwa. Yakiwa barafu hawayaruhusu kwenye begi la mkononi hata umempakata mwenyewe, ila vile vibarafu vya kupozea vinapita. Kwa hiyo Mama Naila, mtoto na mfuko wa maziwa visitengane. Mwambie mkaguzi kabla hajauliza, na uweke maziwa kwenye trei yake peke yake. Wanaweza kufungua chupa kuyapima.

Kuhusu unga na maji ya ndegeni, mimi siafiki sana. Unga wa maziwa hauna uhakika wa kuwa safi bila vijidudu, ndiyo maana huku wanatuambia maji yawe na joto la nyuzi 70 au zaidi. Maji utakayoletewa kwenye kikombe huwezi kujua yana joto gani. Hesabu ya safari yako: mlangoni Salford hadi mlangoni Dar si chini ya saa 20, yaani milo kama 6. Chukua pakiti ndogo za maziwa yaliyo tayari, zile za mililita 200 zilizofungwa kiwandani, 6 za safari na 2 za dharura. Hazihitaji barafu wala kupikwa. Akibakiza, mwaga saa moja baada ya kuanza kunywa.

Sasa penye mtego ni Doha. Utakaguliwa tena pale, na zile lita 2 ni kanuni ya Uingereza, si yao. Kwa kawaida maziwa ya mtoto aliyepo yanaeleweka, lakini anayeamua ni mkaguzi wa pale. Ndipo unga unapofaa: pima vijiko vya milo 3 kwenye vikopo vikavu, uweke kando. Pakiti zikizuiwa, mtoto hatalala njaa.

Kutoka: Mzee Kombo, Maskati

Mwanangu, usipeleke kigari kwa ndege, utalia. Weka kwenye kontena na wenzako, halafu upate wakala mwaminifu wa bandarini. Na uangalie mwaka wa kutengenezwa, ushuru unapanda gari likiwa kuukuu.

Kutoka: Mama Naila

Shikamoo Mzee Kombo. Ni kigari cha kusukumia mtoto 😀

Kutoka: Mzee Kombo

Marahaba. Basi hicho hakina ushuru.

Kutoka: Rukia

Kigari utakisukuma hadi mlango wa ndege, lakini lazima kaunta wakifunge tagi, hata kama hakiendi na mabegi. Soma herufi kubwa za kwenye tagi. Zikiwa DAR, utakiona Dar, na saa zote za Doha utambeba mtoto. Ukikitaka Doha, sema palepale kaunta kabla tagi haijachapishwa. Hata hivyo sikuahidi, maana vingine huja mlangoni na vingine huenda kwenye mkanda wa mabegi. Beba mbeleko au kanga kama vile kigari hakipo. Kwenye ukaguzi mtoto anatoka, kigari kinakunjwa na kupita mashineni, na kisipoenea wanakipekua kwa mkono. Kikapu cha chini kiwe kitupu, maana watu husahau funguo na chupa humo.

Kitanda cha ukutani: kununua tiketi si kukipata. Ni ombi. Piga simu kwa shirika linalorusha ndege yenyewe, si wakala, umwulize ombi la BSCT linasomeka vipi kwenye safari zote mbili. Likisomeka HK, limekubaliwa. Likisomeka kitu kingine, bado unasubiri. Uliza pia kikomo cha uzito, maana kila shirika lina chake, na kilo 8 na nusu mwezi huu si kilo 8 na nusu mwezi ujao.

Kutoka: Mama Shani, Columbus, Ohio

Mimi nilikipata na nilijuta nusu. Safu ile haina kiti mbele, kwa hiyo wakati wa kupaa mkoba wote unakwenda juu, pampasi na chupa humo humo, na mtoto ndiyo anataka kunyonya masikio yasimuume. Nilifunga chupa moja kiunoni kwa kanga. Halafu kila ndege ikitikisika tuliambiwa tumtoe mtoto, mara nne usiku mmoja. Wa kwangu alilala vizuri zaidi mapajani.

Kutoka: Rukia

Bado ningekichukua. Mtu peke yake anahitaji mikono ya kula.

Karatasi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kile kirefu chenye majina ya wazazi wote wawili, ndicho kinachounganisha majina yasiyofanana. Barua ya baba yenye tarehe za safari, mahali mtakapofikia na simu yake, pamoja na nakala ya pasipoti yake. Uingereza haikubali mzazi mmoja kumtoa mtoto nchini bila idhini ya mwenye haki ya uzazi mwenzake, na barua hiyo huwa inatosha. Mtoto anahitaji viza ya Tanzania kwa sababu anasafiria pasipoti ya Uingereza. Omba mtandaoni, ni dola 50 kama mtu mzima.

Na wewe mwenyewe: kama kadi yako ya ukaazi ilishakuwa viza ya mtandaoni, ingia kwenye akaunti yako ya UKVI uhakikishe pasipoti unayosafiria ndiyo iliyounganishwa. Wanaobadilisha pasipoti na kusahau hukwama Dar wakirudi.

Kutoka: Baba Twaha

Nimejifunza. Na mifuko ya plastiki, si imepigwa marufuku Tanzania?

Kutoka: Rukia

Tangu Juni 2019, ndiyo, hasa ya kubebea. Vile vifuko vya zipu vya ukaguzi huruhusiwa, mradi uondoke navyo.

Kutoka: Mama Naila

Nimepiga simu leo. Manchester–Doha ni HK. Doha–Dar bado, wanasema wamo watoto wengine wawili wadogo kuliko wangu. Pasipoti kwenye akaunti ilikuwa ya zamani, nimeirekebisha. Je, nibadilishe kiti cha safari ya pili sasa hivi, au nisubiri hadi kaunta?

Kutoka: Rukia

Shika kiti cha kando ya njia leo, ombi liache pale pale. Halafu ufike kaunta ikifunguliwa tu.