Naomba ushauri: mteja kaandika "Na ile pia", na mazungumzo ya nyuma sina

Habari zenu wapendwa. Nauza nguo kwa oda, niko Tanga. Juzi simu yangu ilikufa, nikafungua WhatsApp kwenye simu mpya bila nakala yoyote, mazungumzo yote yakapotea. Jana usiku mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, kaandika: "Na ile pia niwekee, namtuma kijana Ijumaa." Basi.

Nimeikalia hiyo "ile". Kitenge angeandika "kile", dera au shuka "lile". Inabaki kanga moja, au mitandio, hata ikiwa mingi. Ila siku hizi wengi wanasema "ile" kwa kila kitu, kwa hiyo siitegemei sana. Tena hiyo "na" inaonyesha kuna kitu cha kwanza alichoagiza, nacho sikijui!

Kanga huwa nazikata doti na kuzipinda kabla ya kukabidhi, nikikosea hasara ni yangu. Je, nimweleze ukweli nimwombe anirushie ujumbe wake wa mwanzo, maana kwenye simu yake bado upo? Au nimtumie picha mbili tatu achague? Naogopa ataona simjali. Mliowahi kupatwa na hili, mlimwandikiaje mteja?