Ngazi ya R-2R, rezista za maradufu au PWM: ipi inafaa kwa biti 8?

redio_mwanza
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi redio na amplifaya, nataka nijitengenezee kifaa cha kutoa wimbi la sain la 1 kHz la kupimia amplifaya zinazoletwa mezani, natumia Arduino Uno, biti 8. Nimeona njia tatu: ngazi ya R na 2R, rezista za kupanda maradufu kila biti (10k, 20k, 40k mpaka 1.28M), na PWM yenye filta. Nimeanza kujaribu ngazi ya biti 4 kwenye bredibodi, R ni 10k na 2R ni 20k, nikaweka namba 1010 nikitegemea 3.125 V ila multimeta inasoma 2.94. Nimehesabu rezista mara tatu, ziko sawa. Tatizo nini?

kaptura_ya_shaba
Kaka ngazi yako inaonekana nzima. 1010 ni 10, biti 4 zina hatua 16, kwa hiyo unapata kumi ya kumi na sita ya volti inayotoka kwenye pini, si ya 5 uliyoiweka kichwani. Unalisha kwa USB? Weka pini moja iwe juu halafu ipime yenyewe. Ikisoma 4.70 basi 4.70 × 10/16 = 2.94, hesabu imefunga.
Na kabla hujaongeza biti fanya kitu kimoja: weka 1111 upime. Ngazi iliyofungwa vizuri haifiki juu kabisa, inaishia kumi na tano ya kumi na sita. Ukiona inafika mpaka volti yote ya pini ujue umesahau ile 2R ya mwisho inayoshuka graundi upande wa biti ndogo, maana bila hiyo pini zote zikiwa juu hakuna njia yoyote ya kwenda graundi. Wengi wanaisahau hiyo.

redio_mwanza
Nimepima, pini 4.70 na 1111 inatoa 4.41. Ahsante sana mkuu. Sasa kwa biti 8 niendelee na ngazi au niende kwenye zile za maradufu?

Zuhura_E
Za maradufu achana nazo. Utapata wapi 640k na 1.28M zinazoendana na 10k yako? Ngazi inataka thamani mbili tu, na ukikosa 20k dukani unaunga 10k mbili mfululizo, mambo yanaisha. Nunua ukanda mmoja wa 10k. Halafu usihangaike na asilimia, hata za 5% zinatosha, kwa sababu ngazi inaangalia uwiano tu, zikizidi zote pamoja volti haibadiliki.

kaptura_ya_shaba
Dada Zuhura kwenye uwiano uko sahihi kabisa, na kununua ukanda mmoja ni ushauri mzuri. Ila "zikizidi zote pamoja" ndipo penye shida, hazizidi zote pamoja. Tufanye hesabu ya biti 8 kwa 5 V, zote ziwe kamili isipokuwa 2R ya biti kubwa, hiyo iwe 21k badala ya 20k, yaani imezidi 5%.

Ukisimama kwenye nodi ya juu, ngazi yote iliyobaki inaonekana kama chanzo kimoja chenye 20k mbele yake. Ukiweka 127 chanzo hicho kina 4.961 V na ile 21k iko graundi, unapata 4.961 × 21/41 = 2.541 V. Ukipanda hatua moja kwenda 128, ngazi ya chini inakuwa sifuri na 21k inaenda kwenye 5 V, unapata 5 × 20/41 = 2.439 V. Umeongeza namba moja, volti ikatakiwa ipande 19.5 mV, badala yake imeshuka 102 mV! Kwenye wimbi la sain hiyo inaonekana kama ufa katikati kabisa, kila linapopita kwenda juu na kila linaporudi.

Hata 1% haikutoshi, weka 20.2k urudie hesabu utaona 128 bado iko chini ya 127 kwa kama 5 mV. Hiyo rezista moja ikizidi kama 0.8% tu tayari ngazi inarudi nyuma.

Zuhura_E
Nimeirudia kwenye karatasi, kweli. Nilikuwa natazama ngazi kwa ujumla sikufikiria ile ya juu peke yake.

pampu_shambani
Samahanini wakuu naomba kudandia, mimi nina kipampu cha maji cha 5 V nataka nipunguze spidi, je nikifunga hii ngazi halafu pampu kwenye autputi nikaweka 128 itazunguka nusu?

kaptura_ya_shaba
Haitazunguka ndugu yangu. Ngazi ukiitazama kutoka autputi, namba yoyote utakayoweka, ni kama betri yenye rezista ya R mbele yake, hapa ni 10k. Ukiifunga hata 10k nyingine tu kwenda graundi volti inagawanyika nusu, sembuse mota. Wewe unahitaji PWM na transista ya mosfeti, na dayodi ya kulinda kwenye pampu. Ngazi si ya kazi yako.
Redio_mwanza hii inakuhusu na wewe, lazima uweke opampu ya bafa kabla ya amplifaya. Usitumie LM358 kwa 5 V, autputi yake inakwama karibu na 3.5 V, kwa hiyo kuanzia kama 179 kwenda juu kichwa cha wimbi kinakatwa bapa na utadhani ngazi ndiyo mbovu. MCP6002 inafika karibu mpaka juu.

nairobi_bits
Mi ningeuliza mbona hamtaki PWM. Hiyo 490 Hz ya analogWrite ni kweli haiwezi kutoa 1 kHz, lakini taima ya Uno ukiiset mwenyewe inakimbia 62.5 kHz ikiwa bado na biti 8, filta ya RC hatua mbili na umemaliza, pini moja, hakuna kuchagua rezista.

kaptura_ya_shaba
Kwa 1 kHz inawezekana, sikatai. Ila akitaka 10 kHz kupima twita, kila wimbi linabaki na sampuli 6 tu, na filta inaanza kula wimbi lenyewe. Kwenye ngazi anaandika poti nzima mara moja:

```
DDRD = 0xFF;
PORTD = 128;
```

Usitumie digitalWrite pini moja moja, kutoka 127 kwenda 128 biti zote nane zinabadilika na katikati hapo autputi inaruka ovyo. Na pini 0 na 1 ndizo za siriali, chomoa ngazi wakati wa kupakia programu.

nairobi_bits
Sawa, ila hiyo 4.70 ya USB inacheza na kelele yake yote inaingia kwenye wimbi.

kaptura_ya_shaba
Inaingia kwenye PWM yako vilevile. Hapo wote tunahitaji rigyuleta safi.

redio_mwanza
Nimepima 10k hamsini za ukanda mmoja, nyingi ziko kati ya 9.96 na 9.99, nimetenga zinazofanana zaidi kwa ajili ya biti tatu za juu. Multimeta yangu sijui kama ni sahihi lakini nadhani zote inazikosea kwa kiasi kilekile. Nilifikiria nitumie 1k na 2k ili autputi iwe na nguvu zaidi, vipi hiyo?

kaptura_ya_shaba
Baki na 10k. Pini yenyewe ina kama ohm 30 ndani, kwenye 20k ni 0.15%, kwenye 2k inakuwa 1.5% na kazi yote ya kuchagua inapotea. Nguvu itatoka kwenye bafa. Ukifunga, pima 127 na 128 halafu 63 na 64, utuletee namba.